Chenga Ukutani, Dirisha Limeungua: Kutafuta Chanzo Kwenye Renda ya Chumba cha Mji wa Kale

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa. Upana wake ni mita 2.8, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti hazifiki mbali zaidi ya hapo. Urefu ni mita 6. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita. Kuna madirisha mawili, yote yanatazama mashariki, na ng'ambo ya kichochoro cha mita 3 umesimama ukuta mweupe wa jirani. Mwenye nyumba anataka kukigeuza chumba cha wageni, akaniomba picha kabla fundi hajagusa kitu.

Nikampelekea renda ya kwanza kwenye simu. Akaitazama, akaivuta kwa vidole, akanipigia.

“Mwanangu, mbona chumba changu kimemwagiwa mchanga? Na dirisha limekuwa karatasi?”

“Mchanga tutaufagia, mama,” nikamwambia. “Hilo dirisha ndilo lenye kazi.”

Alikuwa ameshaitaja shida yote kwa maneno yake. Mchanga ni zile chenga, kama za televisheni iliyopoteza mawimbi. Karatasi ni mwanga ulioungua: eneo limekuwa jeupe tupu, halina wingu wala ufa wa ukuta ndani yake. Kuna na ndugu wa tatu ambaye yeye hakumwona kwenye skrini ndogo, nao ni vimulimuli, nukta moja moja kali zinazong'aa mahali pasipo na taa. Hapa ninafuata dalili hizo kwenye Blender kwa injini ya Cycles, toleo la 4 na kuendelea, nikitumia picha ya mazingira ya `.hdr` au `.exr` kama anga ya nje.

## Kabla ya kutibu, zitazame chenga zikiwa uchi

Zima `Denoise`. Ondoa alama kwenye `Noise Threshold`, weka `Max Samples` 128, punguza ukubwa wa picha hadi 50%, kisha renda. Picha itakuwa mbaya, na ndivyo tunavyoitaka, kwa sababu kisafishaji hupaka rangi juu ya ugonjwa na wewe hubaki hujui ulikuwa ugonjwa gani.

Ukiona mchanga mwembamba uliotanda sawasawa, unaozidi kadiri unavyokwenda mbali na dirisha, basi kuta zinaujua mwanga upo lakini haziupati kwa urahisi. Ukiona eneo safi lenye nukta chache kali, mwanga unapatikana, ila kuna chanzo kimoja kidogo chenye nguvu kupita kiasi. Usichanganye hizo mbili. Dawa ya ya pili ukiipa ya kwanza, chumba kinakuwa giza na chenga zinabaki palepale.

Wengi wetu mkono hukimbilia kuongeza sampuli. Hesabu yake ni ngumu: kupunguza chenga kwa nusu kunataka sampuli mara nne. Kutoka 128 utakwenda 512, kisha 2048, kisha 8192, na kila hatua inakula muda mara nne ya ile iliyotangulia. Mimi niliiacha kompyuta usiku kucha kwa sampuli 8192, umeme ukakatika kabla ya alfajiri. Nilipofungua kipande kilichobaki nikakuta chenga bado zipo. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta chanzo badala ya kununua sampuli.

## Dalili: chumba kizima kina chenga, pembe za mbali ndizo mbaya zaidi

Mtuhumiwa wa kwanza ni kioo cha dirisha. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa na mbao tu bila kioo, lakini mama anataka kiyoyozi, kwa hiyo kioo lazima kiwepo kwenye mchoro.

Cycles hufuata njia za mwanga kinyumenyume, kutoka kamerani kwenda ukutani. Ikifika ukutani, hutuma mshale mmoja moja kwa moja kuelekea angani kuuliza: je, sehemu ile yenye mwanga inaonekana kutoka hapa? Mshale huo ukigonga kioo cha `Glass BSDF`, au `Principled BSDF` yenye `Transmission` 1, unazuiwa kana kwamba umegonga ubao. Mwanga hubaki na njia moja tu ya kuingia: ukuta urushe mshale kwa kubahatisha, mshale upite dirishani, upinde ndani ya kioo, utoke nje. Inatokea, ila kwa nadra. Chenga ndizo alama ya huo unadra.

Kipimo chake ni cha sekunde chache. Nenda `Render Properties`, `Light Paths`, `Caustics`, toa alama kwenye `Refractive`. Chumba kikiingia giza ghafla, umemshika mwizi: karibu mwanga wote ulikuwa unapita kwenye kioo kwa kubahatisha. Chumba changu kiligeuka pango.

Dawa niipendayo ni kukitupa kile kioo chenye unene na kuweka bapa moja jembamba, uso mmoja tu usio na pande. Kwenye nyenzo yake weka `Mix Shader`. Tundu la juu lipokee `Transparent BSDF`, la chini `Glossy BSDF` yenye `Roughness` 0, na kwenye `Fac` unganisha `Fresnel` yenye `IOR` 1.45. Sasa mishale inayouliza anga inapita bila kupinda, na kioo bado kinaakisi chumba kidogo ukikitazama kwa upande, kama kioo cha kweli.

Hapa pana mtego ulionipotezea nusu siku. Nodi ya `Fresnel` inajali uso wa bapa unatazama wapi. Ikigongwa kwa nyuma, hujiona iko ndani ya kioo ikitoka nje, na kupita pembe ya nyuzi 43 na kitu inageuka kioo cha kujitazamia kabisa. Matokeo yake dirisha linapitisha mwanga wa mbele tu na kuukataa wa upande, chumba kinapungua mwanga bila sababu inayoonekana. Washa `Face Orientation` kwenye `Overlays`, uingie chumbani, ulitazame dirisha. Ukiona wekundu, chagua bapa, ingia `Edit Mode`, geuza kwa `Flip` ya menyu ya `Normals`. Uso wa mbele lazima utazame ndani ya chumba, kwa kuwa maswali yote yanatoka ndani.

Mtuhumiwa wa pili ni lango. Hata kioo kikishapona, ukuta bado hauelewi kwamba mwanga unapita kwenye matundu mawili tu. Unatupa maswali kwa anga nzima, mengi yanagonga dari na kuta. Lango humwonyesha. Weka taa ya `Area` kwenye kila tundu la dirisha, iwe na ukubwa sawa na tundu, mshale wake utazame ndani, kisha kwenye sifa za taa weka alama `Portal`. Kuanzia hapo taa hiyo haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kusema: ulizeni hapa.

Njia ya kujua kama umelipanga sawa ni kurenda mara mbili, likiwepo na bila. Mwangaza wa chumba usibadilike, chenga ndizo zipungue. Chumba kikizidi kung'aa, umesahau kuweka alama na una taa ya kawaida imekaa dirishani. Kisipobadilika chochote, hata chenga, lango limetazama nje.

Kwenye nyumba za mawe kuna jambo la ziada, nalo ni unene wa ukuta. Nililiweka lango usawa wa ukuta wa ndani, chumba kikasafika lakini ile nusu mita ya ubavu wa dirisha ikabaki na chenga mbaya. Ni kwa sababu ubavu ulikuwa nyuma ya lango, na lango halimsaidii aliye nyuma yake. Lisogeze hadi uso wa nje wa ukuta, ubavu wote uwe mbele yake. Dirisha likiwa na tao juu, mstatili unaolifunika tao lote unatosha. Na usisahau mlango ulio wazi wa roshani kama upo. Tundu lisilo na lango haliwi giza, ila mwanga wake ndio utakaobaki na mchanga.

Jambo la tatu ni dogo na nitalipita haraka: rangi ya kuta. Chokaa ikipewa weupe wa 1.0 haimezi mwanga wowote, mwanga unadunda bila kuchoka, vivuli vinakufa. Weka 0.8. Baada ya midundo minne inabaki 0.41 ya mwanga ulioanza, na chumba kinaanza kuwa na pembe. Kama sasa ni giza mno, pandisha `Diffuse` ya `Max Bounces` kutoka 4 hadi 8. Usirudishe weupe.

## Dalili: vimulimuli sakafuni, kwenye shaba, na chini ya kitanda

Baada ya kioo na lango, mchanga uliisha, vimulimuli wakajitokeza. Walikuwepo tangu mwanzo, walifichwa na mchanga.

Chanzo kilikuwa jua lililomo ndani ya picha ya mazingira. Jua angani lina upana wa nusu nyuzi tu. Picha ya mazingira ya 4K ina pikseli 4096 kwa nyuzi 360, kwa hivyo jua zima linakaa ndani ya pikseli sita hivi kwa upana. Kwenye 2K ni tatu. Ndani ya hizo pikseli chache picha iliyopigwa vizuri hubeba thamani za maelfu mengi, wakati anga ya buluu pembeni iko karibu na 1. Ifungue kwenye `Image Editor`, shikilia kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jua, usome namba chini ya dirisha.

Sasa lango na jua hilo hawapatani. Lango linauliza mahali popote dirishani kwa usawa, halijui kwamba kuna pikseli sita zenye nguvu kuliko anga yote iliyobaki. Mara nyingi swali linazikosa. Likizipata mara moja, jibu ni kubwa mno, na hiyo pikseli moja ya renda yako inawaka. Mwanga ukiwa umeshadunda kwenye sinia ya shaba au sakafu iliyong'arishwa kabla ya kulifikia jua, hali inazidi.

Suluhisho la kawaida unaloambiwa ni kushusha `Clamping`. `Indirect` huja ikiwa 10. Ishushe hadi 3 na vimulimuli wengi watatoweka. Lakini `Clamping` haichagui. Inakata kila jibu kubwa, likiwemo lile la kweli, na kiraka cha jua sakafuni kinachopaswa kuangaza dari kinaacha kuiangaza. Kwenye chumba changu dari ya boriti iliingia kijivu. `Direct` nayo iache 0. Ninaiona `Clamping` kama dawa ya mwisho ya vimulimuli wawili watatu waliosalia, si ya kuanzia.

Ninachofanya ni kumtenga jua na anga. Picha ya mazingira ibaki na anga peke yake, na jua liletwe na taa ya `Sun`, ambayo Cycles huiuliza moja kwa moja bila kubahatisha. Hatua ya kwanza ni kukata kilele cha picha kwa nodi ya `Vector Math` iliyowekwa `Minimum`, kati ya `Environment Texture` na `Background`:

```python
import bpy
t = bpy.context.scene.world.node_tree
env = t.nodes["Environment Texture"]
bg = t.nodes["Background"]
m = t.nodes.new("ShaderNodeVectorMath")
m.operation = 'MINIMUM'
m.inputs[1].default_value = (30, 30, 30)
t.links.new(env.outputs["Color"], m.inputs[0])
t.links.new(m.outputs["Vector"], bg.inputs["Color"])
```

Hiyo 30 si namba takatifu. Soma kwanza thamani za mawingu meupe yaliyo karibu na jua, kisha weka mpaka juu kidogo yake. Ukiukata chini ya mawingu, anga inapoteza uhai na mwanga unakuwa bapa.

Hatua ya pili ni kuweka `Sun` na kuilinganisha nguvu. Sitegemei namba za `Strength`, kwa sababu kila picha ya mazingira ina kipimo chake. Natoa kadi nyeupe nje, mahali peupe pasipo na jengo, nailaza chini, na juu ya nusu yake naweka ubao mdogo unaotia kivuli. Narenda hiyo kadi peke yake. Mchana usio na mawingu, hata na ule unyevu wetu wa pwani, upande wa jua unapaswa kuwa na mwanga mara tano hivi ya upande wa kivuli. Pandisha au shusha `Strength` hadi ufike hapo. `Angle` iache kwenye nyuzi 0.526 iliyokuja nayo, ndiyo upana wa jua lenyewe.

Kuna faida ya pili ambayo kwetu ni kubwa. Picha nyingi za mazingira zinazopatikana bure zilipigwa Ulaya, jua limelala chini, miale inapenya hadi ukuta wa mwisho. Unaweza kuizungusha picha kushoto kulia, lakini huwezi kulipandisha jua bila kuipindua dunia. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri liko utosini kabisa. Mwezi wa Juni adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 62 hivi, na Desemba linahamia kusini, kama nyuzi 70. Mtu wa hapa akiona mwale umelala hadi ukuta wa nyuma saa sita mchana anajua hapo si kwao, hata kama hawezi kukueleza kwa nini.

Kwa chumba hiki nilichagua Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, jua liko mashariki kwa kimo cha karibu nyuzi 60. Kabla ya hapo nyumba ya jirani inaliziba. Juu ya dirisha ni mita 2.2 kutoka sakafuni. Gawanya kwa tanjenti ya 60, ambayo ni 1.73, unapata mita 1.27 kutoka uso wa nje wa ukuta. Toa nusu mita ya unene, jua linafika sentimita 77 ndani ya chumba. Kwa chini, kizingiti kilicho na kimo cha mita 0.7 kinaukata mwale ulio karibu, kwa hiyo jua linaanza kugusa sakafu sentimita 40 kutoka ukutani. Ukanda wa sentimita 37, basi. Ndivyo chumba cha Mji wa Kale kinavyopata jua, na ndiyo maana kina ubaridi. Nilipompelekea mama renda yenye ukanda huo akasema, “Hapo ndipo paka analala.” Sikuhitaji uthibitisho mwingine.

## Dalili: dirisha limekuwa karatasi

Hapa watu hushusha mwanga wote hadi nje ionekane, kisha chumba kinakuwa usiku, kisha wanaongeza taa za bandia ndani, kisha chenga zinarudi. Nimepita njia hiyo, haina mwisho.

Anza na chumba, siyo dirisha. Kwenye `Color Management` chagua `View Transform` ya `False Color`. Inageuza picha kuwa ramani ya rangi: kijivu ni mwanga wa katikati, nyekundu na nyeupe ni kuungua. Sogeza `Exposure` iliyo hapohapo hadi ukuta wa kati, sio wa dirishani, ukaribie kijivu. `Exposure` hii inahesabiwa kwa stopu kama ya kamera, kila 1 ni kuzidisha mara mbili, na haihitaji kurenda upya. Kisha rudi kwenye `AgX`, ambayo tangu toleo la 4.0 ndiyo inayokuja nayo Blender. Ukiwa bado kwenye `Standard`, badilisha hapo kwanza kabla ya lolote, kwa sababu `Standard` inakata kila kinachozidi 1 na rangi zinaungua kwa ghafla. `AgX` huzipeleka kwenye weupe taratibu.

Dirisha likibaki jeupe baada ya hapo, hilo si kosa. Macho yako Mji wa Kale hurekebisha yenyewe ukitazama nje, kamera haiwezi. Mpiga picha wa majengo hupiga picha mbili, ya ndani na ya nje, akaziunganisha. Sisi tuna njia fupi: kuionyesha kamera anga hafifu huku chumba kikiendelea kupokea anga kamili.

Kwenye nodi za `World` weka `Background` mbili, zote zipokee picha ileile iliyokatwa. Ya kwanza iwe na `Strength` yako ya kawaida, tuseme 1. Ya pili iwe 0.125, yaani stopu tatu chini. Ziunganishe kwenye `Mix Shader`, na kwenye `Fac` weka `Is Camera Ray` ya nodi ya `Light Path`, ya pili ikae tundu la chini. Kamera ikitazama nje inaona anga yenye buluu. Ukuta ukiuliza, unapata mwanga wote. Usizidi stopu tatu au nne, la sivyo nje inaonekana jioni na ndani adhuhuri, na jicho linastuka.

Ukifanya hivyo na dirisha likabaki jeupe vilevile, rudi kwenye kioo. Mshale wa kamera ukipita `Glass BSDF` unahesabiwa kuwa umepitishwa, si wa kamera tena, na hila yote inashindwa. Ukipita `Transparent BSDF` unabaki wa kamera. Bapa lile la mwanzo linalipa mara ya pili.

Kwangu kulikuwa na kikwazo kingine. Nje ya madirisha haya karibu hakuna anga, kuna ukuta wa jirani mweupe, na nilikuwa nimeujenga kwa sababu ndio unaorudisha mwanga chumbani. Ukuta si sehemu ya `World`, kwa hiyo kushusha anga hakukuugusa, na mwanga wa nje ulioupiga ulikuwa umeuunguza. Nilifanya hila ileile ndani ya nyenzo yake: `Diffuse BSDF` mbili, moja ya chokaa 0.8 kwa mishale ya mwanga, nyingine nyeusi zaidi, 0.2, kwa `Is Camera Ray`. Ghafla zikaonekana nyufa za lipu na waya wa umeme wa jirani. Waya niliufuta, mama akaniambia niurudishe, kwani bila waya si kichochoro chake.

Usiache kuhifadhi kwa `OpenEXR`. Kwenye `PNG` ya kawaida eneo lililoungua limekwisha, hakuna cha kurudisha. Kwenye `OpenEXR` thamani halisi zimo, unaweza kushusha dirisha peke yake baadaye bila kurenda tena.

## Dalili: mwanga bapa, hakuna kivuli hata chini ya kiti

Tazama faili lenyewe. Kama ni `.jpg`, halina nguvu za juu, jua lake ni jeupe kama wingu tu, na hakuna nodi itakayorudisha kisichokuwemo. Kama ni `.hdr` au `.exr`, angalia `Color Space` kwenye `Environment Texture`. Ikisomeka `sRGB` badala ya `Linear Rec.709`, irekebishe pia, kwa kuwa thamani za mwanga zinasomwa vibaya.

## Dalili: chenga hakuna, lakini ukili wa mkeka umeyeyuka

Hapa sasa umewasha `Denoise` na kimesafisha kupita kiasi. Kisafishaji cha `OpenImageDenoise` kinabashiri, na kikipewa chenga nyingi kinabashiri vibaya: kuta zinapata madoa kama ya maji, ukili wa mkeka unageuka uji. Hakikisha `Passes` ni `Albedo and Normal`, ili kijue mipaka ya ukili na nakshi ya mlango, na `Prefilter` ni `Accurate`. Kisha kipe kitu cha kufanyia kazi. Baada ya kutibu kioo, lango na jua, chumba hiki kilihitaji `Noise Threshold` ya 0.02 na `Max Samples` 1024, na madoa hayakurudi. Linganisha na zile 8192 za usiku ule wa giza.

## Pale ambapo lango halisaidii

Mama alikuja na ombi la mwisho: picha ya pili, mbao za luva zikiwa zimefungwa nusu, vile zinavyokuwa baada ya adhuhuri. Niliziweka, chenga zikarudi kana kwamba sijafanya kitu. Sababu ni kwamba lango bado linaelekeza maswali kwenye tundu zima, lakini mengi sasa yanagonga mbao. Mwanga unaoingia umedunda ubao kwa ubao kabla ya kufika sakafuni, na hakuna mshale wa moja kwa moja unaoweza kuukisia.

Hapo ninawasha `Path Guiding`, iliyo chini ya `Sampling`. Injini hujifunza wakati wa kurenda ni upande gani mwanga unatoka, ikaelekeza mishale huko. Inafanya kazi kwenye `CPU` tu, kwa hiyo mwenye kadi nzuri ya michoro ataona kompyuta imekuwa mzee. Kwa chumba kilicho wazi sikuona faida yake juu ya lango. Kwa luva ilikuwa tofauti kati ya picha na mchanga, na michirizi ya mwanga kwenye dari ya boriti ilitoka bila `Clamping` kuguswa.